Kurasa 46 ndani ya ukurasa mmoja: kumwandikia meneja muhtasari wa mkataba wa programu

Meneja anayeletewa mkataba wa kurasa 46 Alhamisi jioni, huku muuzaji akisema punguzo linakwisha Jumatatu, hana haja ya kuelezwa kila kifungu kinasema nini. Anataka kujua atalipa kiasi gani hasa, amefungwa mpaka lini, siku ipi asiikose, na mambo yakiharibika hasara itamwangukia nani. Miaka ya kuandika mihtasari ya namna hii imenifundisha kwamba kosa kubwa ni kufuata mpangilio wa mkataba wenyewe: sentensi moja ya kifungu cha 1, sentensi moja ya kifungu cha 2, hadi mwisho. Ukifanya hivyo, kifungu cha usiri kinapewa nafasi sawa na kifungu cha fedha, na meneja anaachiwa kazi ile ile ya kutafuta hatari mwenyewe.

Nitatumia mfano mmoja. Tarakimu zake ni za kubuni, lakini vifungu ni vile vinavyokutwa kila mara. Kampuni ya kusambaza vinywaji Dar es Salaam inataka programu ya mishahara na kumbukumbu za wafanyakazi kutoka kwa muuzaji aliyeko London. Ina wafanyakazi 40. Bei ni dola 25 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, yaani dola 12,000 kwa mwaka. Kipindi ni miezi 36 kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Mkataba uko kwa Kiingereza na unafuata sheria ya Uingereza.

Kabla ya kusoma chochote, kusanya karatasi zote. Mkataba wa aina hii haukai mahali pamoja. Kuna fomu ya oda yenye kurasa mbili, ambayo ndiyo meneja ameiona. Kuna masharti makuu, kuna kiambatanisho cha viwango vya huduma, kuna kingine cha ulinzi wa data, na kuna sera zilizotajwa kwa anwani ya tovuti tu, ambazo muuzaji anaweza kuzibadilisha wakati wowote. Fungua kila anwani, hifadhi ukurasa kama PDF na uandike tarehe. Usipofanya hivyo, miaka miwili baadaye hutaweza kuonyesha ulikubali nini.

Kisha tafuta kifungu kinachosema karatasi ipi inashinda zikipingana. Mara nyingi fomu ya oda inashinda masharti makuu, na hiyo ni habari njema, kwa sababu mabadiliko yoyote mliyokubaliana yanaweza kuandikwa kwenye kurasa hizo mbili bila kugusa zile nyingine. Karibu nacho kuna kifungu kinachosema kwamba mkataba huu ndio makubaliano yote. Maana yake ni kwamba ahadi za afisa mauzo kwenye WhatsApp, kuwa bei haitapanda au kwamba mafunzo ni bure, hazihesabiki. Muulize meneja mapema: umeahidiwa nini kwa mdomo? Kila ahadi aitajayo itafutwe kwenye maandishi. Isiyopatikana iingie kwenye fomu ya oda au isahaulike.

Baada ya fomu ya oda, soma sehemu ya tafsiri ya maneno, ile ambayo wengi huiruka. Katika mfano wetu fomu inasema "Watumiaji 40". Meneja anaelewa kwamba ni watu 40 wanaoingia kwenye programu, na pengine anajisemea kuwa ni wengi kupita kiasi, maana wanaoingia ni wahasibu wawili na afisa utumishi. Lakini tafsiri ya neno hilo kwenye masharti makuu inasema mtumiaji ni kila mtu ambaye kumbukumbu yake imo kwenye mfumo. Kwa hiyo 40 ni idadi ya wafanyakazi wote, na kampuni ya vinywaji huchukua vibarua Desemba.

Hapo ndipo fedha zinapotoka bila mtu kuona. Tuseme Desemba 2025 wanaongezwa vibarua 25 ili walipwe kupitia mfumo. Kifungu cha ada kinasema watumiaji wa ziada wanatozwa bei ya orodha, yaani dola 38, wala si 25 ya punguzo. Hizo ni dola 950 za ziada kwa mwezi. Meneja angeweza kuzivumilia kwa mwezi mmoja. Ila kifungu kinachofuata kinasema idadi ikishaongezeka haipungui hadi mwisho wa kipindi. Vibarua wanaondoka Januari, lakini ankara inaendelea hadi Machi 2028. Ukihesabu kuanzia Desemba 2025 ni miezi 28, na jumla ni dola 26,600 kwa watu waliofanya kazi wiki nne.

Kwenye muhtasari jambo hilo halihitaji zaidi ya sentensi mbili, mradi ziseme tendo la kufanya: "Usiingize kibarua yeyote kwenye mfumo kabla ya kubadilisha kifungu cha 5.4. Tuombe wa ziada watozwe dola 25 na waondolewe mwezi wanapoacha kazi." Namba ya kifungu iwepo kila mara. Meneja hatakifungua, lakini mwanasheria atakifungua, na wewe mwenyewe utakihitaji muuzaji atakaposema umeelewa vibaya.

Sasa tarehe. Kama ukurasa wako una nafasi ya jambo moja tu, liwe hili. Karibu mikataba yote ya usajili wa programu hujihuisha yenyewe: kipindi kikiisha bila notisi, kinaanza kingine. Muhtasari mbovu husema "mkataba unajihuisha, notisi ni siku 90", kana kwamba hiyo ni habari kamili. Meneja hawezi kuweka "siku 90" kwenye kalenda. Anahitaji tarehe, na kuipata inabidi kusoma vifungu vitatu kwa pamoja.

Kifungu cha kwanza ni cha kipindi: miezi 36 kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 inaisha tarehe 31 Machi 2028. Angalia kwamba kipindi kinaanza tarehe iliyoandikwa kwenye fomu ya oda. Tarehe ya saini ya mwisho ni kitu kingine, na kuzichanganya hizi mbili kunaweza kukusogeza wiki kadhaa. Notisi isipungue siku 90 kabla ya mwisho. Ukirudi nyuma siku 90, na kukumbuka kwamba Februari ya 2028 ina siku 29, unafika tarehe 1 Januari 2028. Ni Jumamosi, na ni Mwaka Mpya.

Kifungu cha pili ni cha namna ya kupeleka notisi. Kinasema notisi iende kwa barua ya kusafirishwa, na itahesabiwa imepokelewa siku ya tano ya kazi baada ya kutumwa. Cha tatu kimejificha kwenye tafsiri ya maneno: siku ya kazi ni siku ambayo benki za London zimefungua. Krismasi ya 2027 inaangukia Jumamosi na siku inayofuata Jumapili, kwa hiyo Waingereza watapewa mapumziko ya kufidia Jumatatu tarehe 27 na Jumanne tarehe 28. Siku ya kazi ya mwisho kabla ya tarehe 1 Januari ni Ijumaa tarehe 31 Desemba. Hesabu siku tano za kazi kurudi nyuma: tarehe 31, 30, 29, kisha 24, kisha 23. Barua lazima iwe imetumwa Jumatano tarehe 22 Desemba 2027. Aliyehesabu siku 90 peke yake angejipa nafasi ya siku kumi zaidi, zote katikati ya sikukuu, na angekuwa amechelewa.

Usiandike tarehe 22 kwenye muhtasari kama siku ya kufanyia kazi. Andika kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho, kisha weka yako kabla yake: uamuzi wa kuendelea au kuacha ufanywe kuanzia Jumatatu tarehe 15 Novemba 2027, na barua itoke kabla ya Ijumaa tarehe 10 Desemba. Tarehe hizo ziwe kwenye kalenda za watu wawili, mmoja wao mhasibu, kwa sababu meneja anayesaini leo huenda asiwepo baada ya miaka mitatu.

Je, ukiikosa tarehe, hasara ni kiasi gani? Swali hili linaunganisha kifungu cha muda na kifungu cha bei, na muhtasari usiojibu swali hili haujamaliza kazi. Mkataba unasema utajihuisha kwa muda ule ule, yaani miezi 36 mingine, kwa bei ya orodha itakayokuwepo. Bei ya punguzo ya dola 25 ilikuwa ya kipindi cha kwanza tu. Hata bei ya orodha ikibaki dola 38, watumiaji 40 watagharimu dola 18,240 kwa mwaka, na miezi 36 ni dola 54,720. Hicho ndicho kiasi kinachoning'inia kwenye barua ya tarehe 22 Desemba. Kiandike hivyo hivyo kwenye muhtasari. Meneja akiona 54,720 ataelewa kwa nini unamshauri aombe kipindi cha kujihuisha kiwe miezi 12, ongezeko la bei liwe na kikomo, na notisi ya barua pepe ikubalike. Muuzaji anayetaka saini kabla ya Jumatatu mara nyingi hukubali yote matatu, maana hayapunguzi mauzo yake ya leo.

Jambo la kodi huwaponyoka hata wasomaji wazuri, kwa sababu limeandikwa kwa upole. Kifungu kinasema ada zote zitalipwa bila makato yoyote, na sheria ikilazimisha makato, mteja ataongeza malipo ili muuzaji apokee kiasi kamili. Tanzania ina kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye malipo ya huduma kwa mtu asiye mkaazi. Bila kifungu hicho, kampuni ingemtumia muuzaji dola 10,200 na kuipelekea TRA 1,800. Kwa kifungu hicho, muuzaji anapata 12,000 zake zote na kodi inatoka mfukoni mwa mteja.

Na hesabu yake si kuongeza asilimia 15 juu. Nimekutana na kosa hilo mara nyingi. Ukiongeza 1,800 unapata 13,800, lakini asilimia 15 ya 13,800 ni 2,070, na muuzaji anapokea 11,730. Anadai dola 270 zilizobaki. Mhasibu anaona amelipa kila kitu, ankara inakaa, na kifungu cha malipo kinamruhusu muuzaji kusimamisha huduma siku 14 baada ya deni kuiva. Mfumo wa mishahara unafungwa kwa sababu ya dola 270. Hesabu sahihi ni 12,000 kugawanya kwa 0.85, ambayo ni dola 14,117.65. Kwa hiyo bei halisi ya mwaka ni hiyo, na kwenye muhtasari usiandike 12,000 bila kuitaja. Mwambie meneja amwulize mhasibu pia kuhusu VAT ya huduma zinazonunuliwa nje, kwa kuwa jibu linategemea kampuni imesajiliwa vipi.

Kifungu cha ukomo wa dhima, yaani kiasi cha juu anachoweza kudaiwa muuzaji, ndicho kirefu kuliko vyote na ndicho kinachotafsirika vibaya zaidi. Kisome ukiwa na tukio moja kichwani. Tuseme programu inakokotoa kodi ya mishahara pungufu kwa miezi mitatu, halafu TRA inatoza riba na adhabu. Kampuni inaweza kumdai muuzaji nini? Kifungu kinasema dhima yake yote haitazidi ada zilizolipwa katika miezi 12 kabla ya tukio, na haitahusu hasara zisizo za moja kwa moja, faida iliyopotea, adhabu za mamlaka wala data iliyopotea. Ukiweka tukio lako ndani yake, jibu linatoka wazi: dari ni dola 12,000, na adhabu za TRA hazimo kabisa. Neno "zilizolipwa" nalo lina uzito. Anayelipa mwaka mzima mbele ana dari ya 12,000 tangu mwanzo. Anayelipa dola 1,000 kila mwezi, tukio likitokea mwezi wa pili, dari yake ni dola 2,000 tu. Omba isomeke "zilizolipwa au zinazopaswa kulipwa".

Utaona pia sentensi inayosema hakuna kikomo kwa kifo, majeraha na ulaghai. Wasomaji wapya huifurahia na kuiweka kwenye muhtasari kama ulinzi. Kwa programu ya mishahara haina la kufanya, iache. Kinachofaa kuombwa ni dari ya juu zaidi kwa uvujaji wa data, mara mbili au tatu ya ada ya mwaka, kwa sababu ndani ya mfumo huo kuna mishahara, namba za NSSF na akaunti za benki za wafanyakazi wote. Mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kampuni inaendelea kuwajibika kwa taarifa hizo hata zikikaa kwenye seva za London.

Viwango vya huduma nitavipitia haraka, kwa kuwa havina uzito vinaopewa. Asilimia 99.5 ya mwezi wa siku 30 inaacha saa 3 na dakika 36 za mfumo kuzimika bila muuzaji kuvunja ahadi, matengenezo yaliyopangwa yakiwa hayahesabiwi. Saa hizo zikiangukia siku ya kulipa mishahara, huwezi kudai kitu. Zikizidi, unapata asilimia 5 ya ada ya mwezi, yaani dola 50, ukiomba ndani ya siku 30. Sentensi moja inatosha.

Kuondoka, kwa upande mwingine, kunastahili aya nzima. Mkataba hauruhusu kuvunja katikati bila sababu, na idadi ya watumiaji haipunguzwi hata wafanyakazi wakibaki 28. Kipindi kikiisha kuna siku 30 za kupakua data, kisha inafutwa. Inatoka kwa CSV, maana yake majina, tarehe na kiasi. Hati za mishahara za kila mwezi zilizotengenezwa na mfumo hazimo humo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, kwa hiyo njia salama ni kupakua hati za mishahara kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, bila kusubiri zile siku 30. Hilo ni agizo kwa mhasibu, liandikwe kwa jina la cheo chake.

Sehemu ya juu ya ukurasa wenyewe inaweza kusomeka hivi:

"Ukisaini ulivyo, tunafungwa hadi tarehe 31 Machi 2028 bila njia ya kutoka katikati (kif. 12.1). Gharama ni dola 14,117.65 kwa mwaka pamoja na kodi ya zuio, si 12,000 (kif. 6.7). Kila kibarua tutakayemwingiza atalipiwa dola 38 kwa mwezi hadi mwisho wa mkataba (kif. 1, 5.4). Tusipotuma barua kufikia tarehe 22 Desemba 2027 tutafungwa miaka mitatu zaidi, angalau dola 54,720 kabla ya kodi (kif. 12.2, 16, 1). Programu ikikosea, hatutalipwa zaidi ya dola 12,000, na adhabu za TRA hazimo (kif. 11). Ushauri: usisaini hadi kif. 5.4, 6.7 na 12.2 vibadilishwe kwenye fomu ya oda. Swali la mwanasheria: je, kif. 11 kinazuia pia madai ya data ya wafanyakazi kuvuja?"

Maneno "angalau", "ukisaini ulivyo" na "swali la mwanasheria" yanafanya kazi muhimu. Yanamwonyesha meneja wapi una uhakika na wapi huna, na yanakukinga usigeuke mtoaji wa ushauri wa kisheria bila kukusudia. Usiandike "hatari ya wastani" au "masharti ya kawaida". Meneja hawezi kufanya lolote na maneno hayo, na sharti la kawaida bado laweza kugharimu dola 26,600.

Kabla ya kuupeleka, mpe mwenzako ukurasa huo na mkataba, mwombe athibitishe kila namba ya kifungu na kila tarehe bila kukuuliza. Asipokipata kifungu, pengine ulinakili kutoka toleo la awali. Hili hutokea sana, kwa sababu muuzaji akiongeza kifungu kimoja wakati wa mazungumzo, vyote vinavyofuata vinabadilika namba. Ndiyo maana muhtasari unasahihishwa mara ya mwisho ukiwa na PDF iliyosainiwa na pande zote. Siku hiyo hiyo andika barua ya kutohuisha mkataba, yenye anwani ya London iliyomo kwenye kifungu cha notisi, uiache bila tarehe wala saini kwenye jalada moja na mkataba, ili atakayekuwa kwenye kiti cha meneja Novemba 2027 akute kazi iliyobaki ni kuamua tu.